Milioni Tisa Ambazo Hazikupita Benki

Mtu anapoacha mashine yake kuukuu kwa muuzaji, akaongeza fedha na kuondoka na mpya, ankara anayopewa huwa na mistari mitatu. Wa kwanza ni bei ya mashine mpya. Wa pili ni thamani ambayo muuzaji amekubali kuipa ile ya zamani, nayo inatolewa kwenye bei. Wa tatu ni kiasi kilichobaki, ambacho mnunuzi anakiandikia hundi. Mstari wa kwanza na wa tatu kila karani anajua pa kuupeleka. Hesabu huharibikia kwenye mstari wa kati, kwa sababu hapo hakuna noti iliyohesabiwa wala hundi iliyoandikwa, na taarifa ya benki haitautaja kamwe. Karani anayefanya kazi kwa kufuata taarifa ya benki atauruka bila kujua kwamba ameruka kitu.

Tuchukue mfano wa mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ubaruku, wilayani Mbarali, mahali ambapo mashine za namna hiyo ziko nyingi. Tarehe 1 Januari 2020 alinunua mashine kwa shilingi milioni 18, akalipa milioni 2 nyingine kuisafirisha na kuifunga. Gharama yake kitabuni ikawa milioni 20, kwani usafiri na ufungaji ni sehemu ya kuifanya mashine iweze kukoboa. Alikadiria ataitumia miaka 8, na mwishoni ataiuza kwa milioni 4. Kwa hiyo kuna milioni 16 za kugawanywa katika miaka 8, yaani uchakavu wa milioni 2 kila mwaka.

Tarehe 30 Juni 2024 aliibadilisha. Bei ya mashine mpya ilikuwa milioni 26, pamoja na kuileta na kuifunga. Muuzaji aliikubali ya zamani kwa milioni 9, na mwenye mashine akaandika hundi ya milioni 17. Ili tusitawanyike, tuseme biashara hii haijasajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka wake wa hesabu unaishia Desemba.

Siku hiyo moja yamefanyika mambo mawili: mashine moja imeuzwa na nyingine imenunuliwa. Muuzaji ameyaweka kwenye karatasi moja kwa urahisi wake, lakini leja lazima iyaone yote mawili. Kwa ajili ya lile la kwanza, wahasibu hufungua akaunti ya muda inayoitwa akaunti ya uondoshaji wa mali. Upande wake wa kushoto, yaani wa debiti, hubeba gharama ya kile kinachoondoka. Upande wa kulia, yaani wa krediti, hubeba kila kilichorudi kutokana na mali hiyo, iwe ni uchakavu uliokwisha kutambuliwa miaka iliyopita au thamani iliyopatikana siku ya kuondoka. Tofauti ya pande mbili ndiyo faida au hasara.

Kabla ya kugusa akaunti hiyo kuna kazi moja ya kumaliza. Vitabu vilifungwa mara ya mwisho Desemba 2023, na wakati huo limbikizo la uchakavu lilikuwa milioni 8, yaani miaka 4 kwa milioni 2. Lakini mashine iliendelea kukoboa hadi Juni 2024. Nusu mwaka huo unadai uchakavu wa milioni 1, unaodebitiwa kwenye gharama ya uchakavu na kukreditiwa kwenye limbikizo. Sasa limbikizo ni milioni 9, na thamani ya mashine kitabuni ni milioni 11.

Maingizo ya uondoshaji yanaanza hapa. Gharama ya milioni 20 inatolewa kwenye akaunti ya mashine na kupelekwa akaunti ya uondoshaji: debiti uondoshaji, krediti mashine. Limbikizo la milioni 9 nalo linamfuata mwenzake: debiti limbikizo la uchakavu, krediti uondoshaji. Hadi hapa hakuna tofauti yoyote na mali iliyouzwa kwa fedha taslimu. Kama mnunuzi angelipa kwa hundi, ingizo linalofuata lingekuwa debiti benki, krediti uondoshaji.

Lakini benki haikupokea kitu. Muuzaji alilipa mashine ya zamani kwa kupunguza deni la mashine mpya. Kwa hiyo mahali pa benki panachukuliwa na akaunti ya mashine yenyewe: debiti mashine milioni 9, krediti uondoshaji milioni 9. Hili ndilo ingizo linaloubeba ule mstari wa kati wa ankara. Kisha hundi inaingizwa kwa kawaida yake, debiti mashine milioni 17, krediti benki milioni 17. Milioni 9 na milioni 17 zinakutana kwenye akaunti ya mashine na kuwa milioni 26, bei ileile iliyoandikwa kwenye mstari wa kwanza.

Ikishakamilika, akaunti ya uondoshaji inasomeka hivi:

Debiti
Gharama ya mashine ya zamani: 20,000,000

Krediti
Limbikizo la uchakavu: 9,000,000
Thamani iliyokubaliwa na muuzaji: 9,000,000
Hasara, kwenda taarifa ya faida na hasara: 2,000,000
Jumla: 20,000,000

Wanafunzi wengi wanaojiandaa kwa mitihani ya uhasibu hukariri ingizo lile la milioni 9 bila kuona linatoka wapi, kisha swali likibadilishwa kidogo tu wanapotea. Njia nzuri ya kulielewa ni kudhani kwamba fedha zilipita mikononi. Muuzaji alikupa milioni 9 kwa mashine yako kuukuu, ukazipokea, na papo hapo ukamrudishia pamoja na milioni 17 nyingine. Benki ingedebitiwa milioni 9 na kukreditiwa milioni 9, na kilichobaki kingekuwa maingizo yaleyale tuliyoyaandika. Tatizo hili ni la zamani mno. Luca Pacioli, mtawa Mfransisko aliyechapisha huko Venisi mwaka 1494 kitabu cha hisabati chenye sehemu ya utunzaji wa vitabu vya biashara, aliitengea sura nzima biashara ya mali kwa mali, na akataja ile ambayo mtu hutoa mali na kuongeza fedha. Maelekezo yake yalikuwa kwamba mabadilishano hayo yapewe kwanza thamani ya fedha, ndipo yaingie kwenye leja.

Mwenye mashine akionyeshwa hesabu hizi huuliza swali la haki kabisa: nimepata mashine mpya, na ya zamani sikuitupa, sasa hasara ya milioni 2 imetoka wapi? Haikutoka benki siku ya tarehe 30 Juni. Imetokea polepole katika miaka minne na nusu iliyopita. Vitabu vilisema mashine inapoteza milioni 2 kwa mwaka, soko likasema imepoteza zaidi, kwa kuwa iligharimu milioni 20 na muuzaji ameipa 9 tu. Milioni 11 zimekwenda, na vitabu vilikuwa vimetambua 9. Mbili zilizobaki ni uchakavu uliochelewa kuandikwa. Hasara ya uondoshaji mara nyingi ni marekebisho ya makadirio ya zamani, na ikijirudia kila mashine inapobadilishwa, mwenye biashara anapaswa kujiuliza kama miaka aliyokadiria si mingi mno, au bei ya mwisho aliyoitegemea si kubwa mno.

Biashara nyingine zina utaratibu tofauti: mashine hutozwa uchakavu wa mwaka mzima katika mwaka iliponunuliwa, na haitozwi chochote katika mwaka inapoondoka. Kwa utaratibu huo mashine yetu ingekuwa na limbikizo la milioni 8 tu, thamani kitabuni milioni 12, na hasara ya uondoshaji milioni 3. Anayeona milioni 3 badala ya 2 anaweza kudhani kuna aliyekosea. Lakini katika utaratibu wa kwanza mwaka 2024 ulibeba uchakavu wa milioni 1 na hasara ya milioni 2, jumla milioni 3. Katika wa pili umebeba hasara ya milioni 3 peke yake. Upande wa mashine ya zamani, faida ya mwaka ni ileile. Kilicho muhimu ni utaratibu mmoja ufuatwe mwaka hadi mwaka, na katika mtihani maneno yanayoutaja yasomwe kabla ya kushika kikokotoo.

Sasa turudi kwa karani anayefuata taarifa ya benki. Anaona hundi ya milioni 17, anaandika debiti mashine milioni 17, krediti benki milioni 17. Anajua ya zamani imeondoka, kwa hiyo anaitoa pamoja na limbikizo lake, na thamani iliyobaki ya milioni 11 anaipeleka yote kwenye hasara. Urari wake wa hesabu utalingana vizuri, kwa kuwa kila debiti alilipa krediti yake. Hata hivyo mashine mpya ya milioni 26 iko kitabuni kwa milioni 17, na hasara ya milioni 2 imekuwa milioni 11.

Kosa hili haliishii mwaka ule. Tuseme mashine mpya imekadiriwa kutumika miaka 10, kisha kuuzwa kwa milioni 2. Uchakavu wake halali ni milioni 24 kugawanya kwa 10, yaani milioni 2.4 kwa mwaka. Karani wetu atakokotoa milioni 15 kugawanya kwa 10, apate milioni 1.5. Kila miezi kumi na miwili ya matumizi itaonyesha faida iliyozidi kwa shilingi laki 9, hadi miaka 10 itimie na zile milioni 9 zote ziwe zimerudi. Mwaka wa kubadilisha unaonekana mbaya kuliko ulivyokuwa, na miaka inayofuata inaonekana mizuri kuliko ilivyo. Mwenye biashara anayepanga bei ya kukoboa gunia kwa kutazama gharama zake atakuwa anajidanganya miaka kumi mfululizo.

Kulikamata ni rahisi kwa anayejua pa kutazama. Chukua ankara ya mashine mpya, utazame mstari wa kwanza, kisha ufungue rejesta ya mali. Kama rejesta ina kiasi cha mstari wa tatu, thamani ya mashine ya zamani imemezwa. Ndiyo maana ankara yenyewe inapaswa kuambatanishwa kwenye vocha ya malipo, badala ya stakabadhi peke yake. Stakabadhi husema milioni 17 tu, na mkaguzi anayepewa stakabadhi bila ankara hana njia ya kujua kwamba kulikuwa na milioni 9 nyingine.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Karani anaongeza milioni 17 kwenye akaunti ya mashine na kuisahau kabisa ile ya zamani. Akaunti sasa ina milioni 37 ilhali jengoni kuna mashine moja ya milioni 26. Tumezoea kusikia habari za wafanyakazi hewa. Hii ni mashine hewa, na kila mwaka itatozwa uchakavu kana kwamba bado inakoboa. Haitakamatwa kwa kusoma vitabu peke yake. Inakamatwa kwa mtu kuingia jengoni na rejesta mkononi, akasoma namba iliyogongwa kwenye kibati cha kila mashine na kuilinganisha na aliyonayo kwenye karatasi.

Kosa la tatu huwapata zaidi wenye biashara wanaojiandikia hesabu wenyewe: kuiweka ile milioni 9 kwenye mauzo. Inaonekana kama mantiki, kwa kuwa kweli kitu kimeuzwa. Lakini biashara hii huuza huduma ya kukoboa, haiuzi mashine. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 16, kinachohusu mali, mitambo na vifaa, kinakataza hata faida ya uondoshaji isihesabiwe kama mapato ya kawaida ya biashara. Ukiweka milioni 9 kwenye mauzo, afisa mikopo wa benki atakayesoma taarifa zako ataamini kwamba wakulima wamekuletea mpunga mwingi kuliko waliouleta.

Nimeacha kwa makusudi jambo moja ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka, nami naliona kuwa zito kuliko yote. Je, mashine ile ya zamani ilikuwa na thamani ya milioni 9 kweli?

Muuzaji hanunui mashine kuukuu kwa kuipenda. Anataka kuuza mpya, na njia mojawapo ya kumvuta mteja ni kumpa bei nzuri ya kuukuu huku bei ya mpya ikibaki juu. Tuseme mteja mwingine, asiye na mashine ya kuacha, akija na fedha taslimu mashine hiyohiyo anaipata kwa milioni 24.5. Basi milioni 26 ni bei ya kwenye orodha, haimo katika biashara halisi. Mwenye mashine wetu aliandika hundi ya milioni 17, kwa hiyo mashine yake ya zamani ilimfidia milioni 7.5 zilizobaki. Ile milioni 1.5 ya juu ni punguzo la bei lililovishwa nguo ya thamani ya mashine kuukuu.

Hesabu zake sahihi zinabadilika kufuatana na ukweli huo. Ingizo la kati linakuwa debiti mashine milioni 7.5, krediti uondoshaji milioni 7.5. Mashine mpya inaingia kwa milioni 24.5. Akaunti ya uondoshaji ina debiti ya milioni 20, na kwenye krediti ina limbikizo la 9 na thamani ya 7.5, hivyo hasara ni milioni 3.5. Hundi haikubadilika hata kwa shilingi moja. Kilichobadilika ni kwamba hatujaipandisha mashine mpya kwa milioni 1.5 ambazo hakuna aliyezitoa. Kiwango namba 16 kinaelekea hukohuko: mali iliyopatikana kwa kubadilishana hupimwa kwa thamani halisi, isipokuwa pale mabadilishano yasipogeuza chochote cha maana kiuchumi kwa biashara, au thamani za pande zote mbili zisipoweza kupimika kwa uhakika. Bei iliyopachikwa kwenye ankara ni ushahidi mmojawapo tu wa thamani hiyo.

Mhasibu atajuaje? Kwanza aulize bei ya mashine mpya kama mteja asiyeacha kitu, na aombe aandikiwe, tena kabla ya kutaja kwamba ana ya zamani. Pili aulize mashine kama ile ya zamani, yenye umri na hali ileile, inauzwa kiasi gani mitaani. Madalali wa mashine na mafundi wanaozitengeneza huzijua bei hizo vizuri. Majibu mawili yakikaribiana, yaani milioni 24.5 kwa mpya na takriban milioni 7.5 kwa kuukuu, ana msingi wa kuandika tofauti na ankara, na karatasi za majibu hayo zinapaswa kukaa kwenye faili pamoja na ankara. Yasipokaribiana, kwa mfano kuukuu inauzwa mitaani milioni 9 kweli na mpya haipungui 26 kwa yeyote, basi ankara ilisema kweli na iachwe kama ilivyo. Asichopaswa kufanya ni kukubali tu kwa sababu hasara ndogo inapendeza. Muuzaji aliyepandisha kuukuu hadi milioni 12 na mpya hadi 29 angemfanya mwenye mashine aonyeshe faida ya milioni 1 badala ya hasara, kwa hundi ileile ya milioni 17.

Mwisho wa mwaka yanabaki mambo mawili ya kuangalia. Katika taarifa ya mtiririko wa fedha, ununuzi wa mashine unaonyeshwa kwa milioni 17 peke yake, kwa sababu ndizo zilizotoka, na sehemu iliyolipwa kwa mashine kuukuu inaelezwa pembeni kama muamala usio wa fedha. Hasara ya uondoshaji nayo inarudishwa juu ya faida inapotafutwa fedha iliyotokana na shughuli za biashara, kwa kuwa haikutoa hata senti.

La pili ni kodi. Kwa biashara ya Tanzania inayotozwa kodi ya mapato kwa kufuata hesabu kamili, hasara hii ya uondoshaji haipunguzi kodi moja kwa moja. Hurudishwa kwenye faida, kama unavyorudishwa uchakavu wa kwenye vitabu, kisha sheria huleta hesabu yake ya uchakavu, ambamo mashine za aina moja hukusanywa kwenye fungu moja. Fungu hilo huongezewa gharama ya mashine mpya na kupunguziwa thamani iliyopatikana kwa ile ya zamani. Mshauri wa kodi atahitaji viasi vyote viwili, na mwenye hesabu aliyeandika hundi peke yake atampa kimoja.